Kumi na Tatu na Thuluthi

Ka. Sauti ya komeo la mlango wa nyumba yao ya Unguja, alipolifunga mara ya mwisho mwaka sitini na nne, ndiyo sauti pekee aliyokuja nayo Marhoon. Nyengine zote zilibaki huko. Miaka miwili sasa alikuwa akitoka Darsait kila asubuhi kwa miguu, anafika Matrah, jirani na Maskati, anakaa mbele ya taipu ya Bwana Suud, mfanyabiashara, anapiga barua na ankara. Akiulizwa hali, husema njema. Hakuwa akidanganya, wala hakuwa akisema kweli. Alikuwa akijibu tu.

Kitu kimoja alikitaka, na hata hicho alikitaka kama mtu anayekumbuka kuwa ana njaa. Mkewe Muhsina na binti yao walikuwa Mombasa, wamejibana chumba kimoja kwa dada wa Muhsina. Ili waruhusiwe kuingia Maskati ilihitajika barua ya dhamana ya mfanyabiashara anayejulikana. Bwana Suud alikubali. Barua ilikuwa mezani, imeshapigwa taipu, inangoja sahihi.

Mwezi wa tatu mwaka huo wa sitini na sita, Bwana Suud aliuza pampu tano za visima kwa Thabit, mwenye mashamba Barka. Bei za rupia zilikuwa zikipanda kwa kila meli inayoshusha mchele, na pampu zenyewe alizikopa Uingereza kwa pauni. "Andika kwa pauni," alimwambia Marhoon. "Mia tatu. Alipe baada ya miezi mitatu, kwa rupia. Weka na sharti la kubadilishia, rupia isije ikatula."

Marhoon aliandika. Unguja, katika kampuni ya karafuu aliyoitumikia miaka kumi na minane, pauni ilikuwa shilingi ishirini. Ilikuwa ishirini alipoanza na ishirini alipoondoka, na kila ankara ilitaja hivyo hivyo. Kwake kiwango kilikuwa kama idadi ya vidole. Basi akakipiga kiwango cha siku ile, kwa unadhifu wake: *pauni moja kwa rupia kumi na tatu na thuluthi moja*. Bwana Suud hakusoma. Mwandiko safi humlaza mtu macho.

Mwezi wa sita India ikaiteremsha rupia, na rupia ya Ghuba, iliyotumika Maskati, ikateremka nayo. Benki ikaanza kuuza pauni kwa ishirini na moja.

Siku ya malipo Thabit alikuja na mfuko wa turubai, ankara yake kaikunja kilembani. Alikaa, akanywa kahawa vikombe vitatu, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka.

"Suud, watu wamenchanganya kichwa," alisema. "Kuna wanaosema nna deni la elfu nne, wengine elfu sita na mia tatu. Nimekuja na zote. Karatasi yenyewe ya Kizungu, na mimi Kizungu changu ni *gudmoning* tu. Hebu, Marhoon, wewe ndiye uliyeandika. Nisomee."

Marhoon akaipokea. Akaliona kosa lake mara moja, jinsi mtu anavyouona uso wake kiooni, bila kushtuka. Sharti lile halikumkinga Bwana Suud hata kidogo, lilimfunga. Maneno sita tu yalikosekana: *kwa kiwango cha siku ya malipo*. Angeweza kuyasoma hata kama hayakuwepo. Bwana Suud alikuwa akimtazama. Barua ya dhamana ilikuwa chini ya kiwiko chake.

"Kumi na tatu na thuluthi," alisoma Marhoon. "Kwa hiyo elfu nne."

Thabit akakohoa. "Wallahi, si mimi niliyeandika."

"Hesabu," alisema Bwana Suud.

Zikahesabiwa elfu nne. Kwa kiwango kipya hazikununua hata pauni mia na tisini na moja, na Uingereza walikuwa wakidai mia mbili na arubaini.

Thabit alipoondoka, Bwana Suud alimgeukia Marhoon. "Miaka kumi na minane ya ukarani," alisema, "wanakufunza kuandika vizuri tu?"

"Kule haikuwa ikibadilika, Bwana."

"Kule." Alilitamka kama anayelipima. "Andika ankara ya yule mteja mwengine, Majid. Sawasawa, mara hii."

Marhoon akapiga: *italipwa kwa rupia, kwa kiwango cha benki cha kuuzia pauni, siku ya malipo*. Bwana Suud akavaa miwani. Kwa mara ya kwanza alisoma kila neno, midomo ikicheza, kidole kikifuata mstari, mpaka nukta ya mwisho. Akatia sahihi. Kalamu ikabaki mkononi.

Marhoon aliitazama barua ya dhamana, bado haina sahihi, chini ya kiwiko cha Bwana Suud.

"Na ile nyengine, Bwana," alisema, kwa sauti ambayo hata taipu ingeimeza. "Isome na ile."