Mto Haufumbi Macho

Shangazi yangu amepiga picha za pasipoti tangu sijazaliwa. Kaa wima, usicheke, umefumba macho, turudie. Basi hospitali ilipomwagiza picha kubwa ya mto, ya kutundikwa pale ndugu wa wagonjwa wanaposubiri habari kutoka chumba cha upasuaji, alifurahi hadi akakosa usingizi. Nami nilisema wazi: watu wenye roho mkononi wanastahili kitu bora kuliko kalenda ya kiwanda cha saruji iliyotundikwa pale.

Muuguzi mkuu alitaka maji laini kama kitambaa, na mawingu yanayotiririka. Kwa hilo hufungwa kioo cheusi mbele ya lenzi, kamera ikae wazi muda mrefu. Tulipofika mtoni, kioo kilimponyoka shangazi, kikapasukia kwenye jiwe. Na kesho yake maji yangefungwa huko juu kwenye bwawa, ili litengenezwe kwa miezi.

"Tumekwisha," nikasema.

"Wewe ndiye umekwisha," akajibu. "Nitapiga nyingi fupifupi, kamera ikiwa palepale. Kompyuta itazichanganya."

Akaanza. Anapiga, anainama, anakagua nyuma ya kamera. Anapiga, anainama tena.

Mumewe, aliyebeba mikoba yote, akashindwa kuvumilia. "Mama weee, unakagua nini? Mto haufumbi macho!"

Shangazi alicheka mwenyewe, akakibana kitufe cha waya kamera ipige mfululizo, akaketi juu ya mkoba.

Kesho yake, studio, tulizipanga picha zote moja juu ya nyingine, kompyuta itoe wastani wake. Mawe yalibaki makali. Maji yakawa maziwa. Lakini mawingu! Yalikatikakatika angani kama ngazi.

"Hii ni mbingu au jengo la ghorofa?" akauliza mumewe.

Shangazi hakucheka. Alishika kichwa. Mto ulikuwa umefungwa; hapakuwa na pa kurudi.

Kisha akaanza kuzipitisha picha moja moja, polepole, na mkono ukasimama. Katika zile za mwanzo wingu liliruka kutoka mahali hadi mahali, kwa sababu kila alipoinama kukagua, lenyewe lilizidi kwenda. Maji hayajali pengo, yanavurugika tu kila upande. Wingu lina safari yake, na pengo linaonekana.

"Tabia ya pasipoti hiyo," akanong'ona.

Alizifuta zote alizopiga huku akikagua, akabakiza za mfululizo, ambazo kwa bahati zilikuwa nyingi zaidi. Akachanganya upya. Mawingu yakanyooka, laini, toka ukingo hadi ukingo.

"Haya, mama," mumewe akasema, "nani kakuokoa?"

"Mdomo wako. Kwa mara ya kwanza."

Tuliipeleka hospitalini, tukaiegemeza ukutani pale ndugu wanaposubiri, na shangazi hakumficha muuguzi mkuu kitu. "Hii si picha moja, dada. Ni picha nyingi zimechanganywa."

Muuguzi aliitazama picha. Kisha akavuta kiti, akakaa.

"Nimesimama tangu asubuhi," akasema. "Itundikeni hapohapo."

Shangazi akatafuta kiti naye.