Hodi Iliyotunyima Njia

Mimi ndiye niliyemfundisha mama cha kusema barazani. Wakili wa jirani ninamlaumu, jirani mwenyewe ndiyo usiseme, lakini nikikaa peke yangu najua ni nani aliyempa yule wakili kisu akakishika mpini.

Nyumba yetu iko Tabora mjini, kwenye mtaa wa zamani ambao watu walijenga kwanza, mpimaji akaja baadaye kuchora alichokikuta. Iko nyuma. Mbele yetu kuna kiwanja kingine, na mbele ya kiwanja hicho ndiyo barabara. Kwa zaidi ya miaka thelathini tulitoka kwa kupita pembeni mwa uwanja wa mwenye kiwanja hicho, mzee mmoja mstaafu wa reli. Ukitaka kukwepa uwanja wake, unashuka korongoni nyuma ya nyumba, unapanda upande wa pili, unazunguka hadi barabarani. Kiangazi mtu mzima wa miguu anaweza. Masika korongo ni mto. Mama ana nyonga mbovu na anatembea na fimbo, kwa hiyo kwake hakuna kiangazi wala masika. Asipopita pale uwanjani, haendi kanisani, haendi kliniki, hafiki barabarani anapouza karanga zake za kukaanga.

Na mama hakuwahi kukatiza uwanja ule kimyakimya. Akifika kwenye pembe ya nyumba ya mzee anasimama, anaita, "Hodi!" Kutoka ndani inarudi sauti, "Karibu, dada, pita." Ndipo anapita, na salamu zinaendelea huku akitembea: umeamkaje, watoto je, mguu unasemaje. Asubuhi nyingine waliamkiana Kinyamwezi, wangaluka, nikajua wote wawili wameamka vizuri. Kila mwaka mjomba alipoleta asali kutoka Kaliua, bakuli la kwanza lilikwenda kwa mzee. Mama aliliita asante ya njia. Hakuna aliyemdai. Alilelewa hivyo, na mimi nililelewa nikibeba lile bakuli kwa mikono miwili.

Mzee alifariki. Watoto wake, wote wako mbali, wakauza. Mnunuzi alikuwa bwana mwenye heshima zake, aliyevaa viatu visivyojua vumbi, na akajenga gesti. Sikuwa na neno na gesti. Halafu yakaja matofali, na baada ya wiki mbili ukuta ulikuwa umesimama mahali mama alipozoea kusimama kupiga hodi. Alikwenda asubuhi na beseni lake la karanga kichwani, akaukuta. Akarudi akaniambia, "Mwanangu, pale pameziba," kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na ugonjwa wa walimu ni kuamini kwamba ukieleza jambo vizuri litaeleweka. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akamwita jirani, jirani hakuja. Tukaenda Baraza la Kata. Pale nilidhani wataamua, kumbe siku hizi kwenye mambo ya ardhi hawahukumu, wanasuluhisha tu. Walitukalisha pande mbili za meza. Jirani alileta hati yake, akaiweka mezani, akauliza, "Nionyesheni njia iko wapi humu." Haikuwamo. Mjumbe mmoja mama mtu mzima akamsihi, "Baba, mwachie bibi huyu hata upenyo wa mlango." Akajibu kwamba wageni wake wanahitaji usalama. Usuluhishi ukashindikana, wakatuandikia hivyo, na kwa karatasi hiyo tukafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Hatukuwa na wakili. Tulikuwa na mimi. Nilikuwa nimesikia kwa watu, na kweli sheria inasema, kwamba aliyetumia njia katika ardhi ya mwingine kwa miaka ishirini mfululizo, waziwazi na kwa amani, anaweza kupata haki ya kuendelea kupita, na anayeiziba anamfanyia kero anayoweza kushtakiwa nayo. Waziwazi, kwa amani, miaka ishirini! Nilifurahi peke yangu nyumbani. Ni nani alipita kwa amani kuliko mama? Nikamwambia, "Mama, waeleze mlivyoishi. Usifiche kitu. Waambie hodi, waambie asali. Waone kwamba hatukuwa wavamizi."

Sikusoma maneno mawili yanayofuata pale: kama haki. Kwa maana nyingine, bila kuomba.

Jirani naye akajibu kwa madai yake. Alisema moshi wa kuni za mama, wa kukaangia karanga, unaingia vyumbani na kuwakohoza wageni, na akaomba mama azuiwe. Nilicheka nilipousoma utetezi huo. Nikaona mtu ameishiwa.

Siku ya ushahidi mwenyekiti wa baraza alikaa katikati, wazee wa baraza wawili pembeni, mmoja mwanaume na mmoja mwanamke. Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka. Aliapa, akaeleza kila kitu kama nilivyomwomba, na alieleza vizuri. Wazee wa baraza walikuwa wanamwitikia kwa vichwa. Nilijisikia fahari, niseme ukweli. Wakili wa jirani akasimama, kijana mpole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, kila ulipopita ulipiga hodi?"

"Kila siku. Mimi siyo ng'ombe nikatize tu kwa mtu."

"Na kama mzee hajaitikia?"

"Nasubiri."

"Na kama angesema leo usipite?"

Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Ningerudi. Si uwanja wake?"

"Na asali, mama, ilikuwa ya nini?"

"Ya kumshukuru kwa kuturuhusu."

"Asante, mama. Sina swali lingine."

Mwenyekiti alikuwa anaandika kwa mkono, na alikuwa anaandika polepole, neno kwa neno. Mama akashuka akitabasamu. Akaninong'oneza, "Yule kijana ana adabu." Nikamjibu kwamba amefanya vizuri sana.

Kisha baraza likaja kuona eneo lenyewe. Lilikuja kiangazi. Mwenyekiti alisimama mbele ya ukuta, akapima kwa tepu upana wa mahali njia ilipokuwa, akaona alama za miguu ya miaka thelathini zikiishia kwenye tofali. Kisha akashuka korongoni mwenyewe, akapanda upande wa pili, akarudi akijipangusa suruali. Hakuhema hata kidogo. Nikasema, "Mheshimiwa, masika hapa panajaa maji, na mama ana nyonga." Akaniambia ameliandika hilo. Siku ile mama alikuwa na karanga jikoni, moshi ukapita mbele yao wote, na wakili akaunyooshea kidole.

Wazee wa baraza wakatoa maoni yao kwa maandishi, na yakasomwa. Wote wawili walisema mama apewe njia. Yule mzee wa baraza mwanamke aliandika kwamba jirani mpya alinunua kiwanja pamoja na mazoea yake. Nililia kidogo. Sikujua kwamba maoni yao hayamfungi mwenyekiti, mradi aeleze sababu za kutofautiana nao. Alizieleza, kurasa kadhaa.

Alianza na moshi. Alisema si kila usumbufu ni kero kisheria. Baraza linaangalia ukubwa wake, muda wake na mtaa wenyewe, na linauliza kama mtu wa kawaida anayeishi hapo angeshindwa kukaa kwa raha nyumbani kwake. Alisema mama kuanza kukaanga kabla ya gesti kujengwa si utetezi, maana anayehamia karibu na kero naye ana haki ya kulalamika. Lakini moshi wa saa moja na nusu kila asubuhi, katika mtaa ambao karibu kila nyumba inapika kwa kuni na mkaa, si kero. Madai ya jirani yakatupwa.

Kisha njia. Alisema ametuhurumia. Sipendi kuhurumiwa na mtu anayefungua ukurasa. Alisema haki ya njia haipatikani kwa mtu aliyepita kwa ruhusa, hata angepita miaka mia, kwa kuwa anayeomba anakubali kwamba mwenzake anaweza kukataa. Ushahidi wa ruhusa, alisema, ameutoa mdai mwenyewe, kwa uaminifu mkubwa. Ruhusa ya mzee ilikuwa yake binafsi, ikaisha naye, haikumfunga mnunuzi. Na njia ya lazima, ile anayopewa mtu asiye na pa kutokea kabisa, haipo, kwa kuwa korongo linapitika, na ugumu wa kupita si sawa na kutokuwapo njia. Ukuta ukabaki. Tukaambiwa tuna siku arobaini na tano za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Nilimwendea wakili mmoja na ile hukumu. Aliisoma yote, akavua miwani. "Mwalimu, rufaa inaangalia kilichosemwa," akasema. "Na mama yako alikisema."

Nilitembea kurudi nyumbani nimejaa hasira hadi masikioni. Kama mama angekuwa mtu wa jeuri, mpita njia asiyesalimia, wa kukatiza uwanja wa watu akitema mate, leo angekuwa na njia. Sheria ingemwinamia. Alinyimwa kwa sababu ana adabu, na mimi ndiye niliyemvalisha kitenge cha Pasaka akaitangaze.

Miezi michache baadaye jirani alimtuma mtu. Hataki ubaya na watu, alisema. Atatoboa mlango mdogo kwenye ukuta, komeo upande wake, mama apite, mradi kila mwaka atie saini barua kwamba anapita kwa hisani tu. Barua ilikuwa tayari imechapwa. Nilisema haiwezekani, nikasema na mengine ambayo mwalimu hasemi. Mama akanisikiliza hadi nikamaliza. Masika yalikuwa yameingia, sikuweza tena kumvusha korongoni mgongoni kama kiangazi, na alikuwa hajafika kanisani Jumapili tisa. Akaomba kalamu.

Asali ya Kaliua ilifika wiki hiyo hiyo. Mama akachota bakuli la kwanza, akalifunika kwa kitambaa, na Jumapili asubuhi akaenda nalo kwenye kile kimlango, mimi nyuma yake nimenuna. Akasimama.

"Hodi!"

Akaita tena. Upande wa pili tulisikia redio, na maji yakimwagwa. Baada ya muda mrefu dada wa usafi akafungua kiasi cha uso wake.

"Shikamoo, bibi. Bosi amelala, na funguo za geti la mbele anazo yeye. Labda mje baadaye."

"Marahaba, mwanangu. Haya."

Mlango ukafungwa, komeo likasukumwa. Mama alibaki ameshika bakuli kwa mikono miwili, fimbo imening'inia kwenye kiwiko. Kengele ya pili ya kanisa ilikuwa imeshalia.

"Yule marehemu," akasema akiutazama ukuta, "hakuwahi kunisimamisha hata siku moja. Nikajua nami ni mwenyeji."

Akageuka, akaniachia bakuli nilibebe, tukarudi nyumbani.