Mita Mia Moja na Ishirini Zisizoonekana

Nilipofika, walikuwa wameshamvunja mkono. Mlinzi wa pampu alikuwa amelala kando ya tangi la chini, damu imemjaa jicho la kushoto, na watu waliomsalimia asubuhi ile walikuwa wakigombania nafasi ya kumpiga teke. Wakulima na wafugaji, ambao wiki nzima walikuwa wametishiana mapanga kwa ajili ya zamu ya maji, siku hiyo walikuwa kitu kimoja. Mkewe alimlalia juu. Naye wakampiga.

Mimi si mtu wa maneno mengi. Nilichomoa spana ya bomba kwenye gari nikamtandika bega kijana aliyekuwa ameshika jiwe. Jiwe likaanguka. Sijutii hadi leo. Dereva wetu akapiga honi bila kuachia, na katika mshangao ule nikaingia katikati.

Kijiji hicho kiko ng'ambo ya kata ya Mkonze, kwenye miamba. Maji ya kisima yanajaa tangi la chini, kisha pampu ya sola inayasukuma hadi tangi la juu, ambako kuna bomba la ndoo na birika la ng'ombe. Makubaliano yalikuwa asubuhi ndoo, alasiri mifugo. Lakini tangi la juu halikujaa hata siku moja. Ng'ombe walifika wakakuta birika kavu, huku tangi la chini likifurika hadi pande zote kumeota nyasi. Mwenye macho haambiwi tazama: maji yapo, hayapandi, na funguo za vali anazo mtu mmoja. Wakasema anayabana ili ayauze usiku. Siku za mwizi arobaini, wakasema, na arobaini yake ndiyo ile.

Mimi ni fundi wa ofisi ya maji; nilikuwa nimetumwa kukagua kwa nini maji hayapandi, na jibu nililipata kwa kulitazama bomba tu. Ramani ilionyesha mita sitini, karibu zimenyooka. Ofisini tuna mazoea: unapima bomba, unaongeza asilimia kumi kwa ajili ya kona na vali, unachagua pampu. Kwenye bomba la kilomita tano mazoea hayo hayamdhuru mtu. Hapa msimamizi wa ujenzi hakutaka kupasua mwamba, akalipitisha bomba kila palipokuwa na upenyo. Kona kali ishirini. Kisha akaenda soko la Majengo akanunua vali tano za aina inayoyalazimisha maji kupinda mara mbili tumboni mwake, kwa sababu kwake vali ni vali.

“Anayeyabana ni bomba,” niliwaambia, dereva akimfunga mlinzi mkono kwa kitambaa. “Leteni kamba.”

Mfugaji mmoja mtu mzima, rungu bado mkononi, aliniuliza kama nawaona watoto. Nikamwambia ashike ncha. Alishika, nadhani kwa sababu spana ilikuwa bado mkononi mwangu.

Tulinyoosha kamba mita sitini kutoka tangi la chini, kwenye tambarare. Hilo ndilo bomba mnaloliona, nikasema. Kila kona ya bomba lile la inchi mbili inayachosha maji kama mita moja na nusu ya bomba lililonyooka. Ishirini ni mita thelathini. Tukasogeza kamba. Kila vali ya aina ile, hata ikiwa wazi kabisa, ni kama mita kumi na saba. Tano ni themanini na tano. Tukapita katikati ya mtama. Na kuna vali nyingine pale kwenye pampu, ya kuzuia maji kurudi: mita tano. Tulipoishia, tulikuwa nyuma ya zizi la mfugaji yule, na pampu ilionekana ndogo kule tulikotoka. Nikawaambia kilima hakijaongezeka hata kidole, ila msuguano ni wa bomba refu kiasi hiki, na pampu ilichaguliwa kwa bomba linaloishia karibu na pale tulipoanzia kusogeza. Ikielemewa hivyo, inatoa maji kidogo.

Mfugaji aligeuka akatazama umbali ule. “Kwa hiyo tumempiga kwa ajili ya kona,” akasema. Nilimwachia kamba nikarudi garini. Nilikuwa na hasira bado, na tulikuwa na mtu wa kupeleka hospitali.

Jicho halikupona.

Tuliondoa vali nne. Ya tano tukaibadilisha kwa ile ya geti, yenye bamba linaloinuka, ambayo ikifunguliwa haiongezi hata nusu mita. Mwamba ukapasuliwa, kona zikabaki nne. Pampu ilikuwa ileile. Siku ya kwanza, kabla ya adhuhuri, tangi la juu lilifurika likamwagikia birikani, na ng'ombe wakanywa huku ndoo zikijazwa.

Mke wa mlinzi alikuja na ndoo yake, shavu bado limevimba. Foleni nzima ikampisha, wanawake kwa wanaume, macho chini. Hakupita. Alisimama nyuma ya mtu wa mwisho akangoja zamu yake, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuchota kabla yake, maji yaliendelea kumwagika.