Sentensi ya Mwisho ya Geneviève

Geneviève alikuwa wa kwanza kutoka Itebero kufika mwaka wa mwisho wa biokemia katika chuo kidogo cha ufundi wa afya pale Walikale. Hakuchagua muhogo kwa bahati. Zamani, mwaka ule wa vita kijiji kilipokimbilia msituni, watu walikula muhogo mchungu uliolowekwa usiku mmoja tu, na mdogo wake Solange, aliyekuwa na miaka tisa, akaamka siku moja miguu imekakamaa. Mpaka leo anatembea na fimbo mbili.

Kwa hiyo kazi yake ya kumaliza masomo ilihusu linamarase, enzaimu ya muhogo inayoivunja linamarini, ile sumu iliyofichwa ndani ya mzizi. Utangulizi wake ulianza hivi: "Dada yangu hatembei bila fimbo."

Assistant Nestor, aliyemwongoza, alipiga mstari mwekundu juu ya ukurasa mzima.

"Geneviève, introduction haiko fasi ya kulilia. Iko sawa entonnoir ya kumiminia mafuta: juu kupana, chini kafinyu. Anza na kitu chenye kila muntu wa biochimie anakubali. Shuka pole pole. Sentensi ya mwisho njo iseme: mimi nitapima nini, juu ya nini, mu hali gani. Basi."

Iliuma, lakini alitii. Aliandika upya mara sita. Aya ya kwanza ikasema kwamba enzaimu huharakisha mmenyuko bila yenyewe kuisha. Ya pili ikaeleza kwamba kasi hupanda kadiri kiasi cha kitu kinachovunjwa kinavyoongezeka, mpaka enzaimu zote zinaposhikwa na kazi na kasi isiweze kupanda tena. Kiasi kinachotoa nusu ya kasi hiyo ya juu ndicho huitwa Km. Ya tatu ikaingia kwenye muhogo na linamarase. Ya nne ikasema kwamba hakupata maandishi yoyote yaliyoipima kwa mbegu chungu inayopandwa Itebero. Kisha sentensi ya mwisho: "Lengo la kazi hii ni kutafuta Km na kasi ya juu ya linamarase ya majani ya mbegu hiyo, kwa pH 6 na joto la digrii 30, kwa kutumia viwango sita vya linamarini."

Nestor aliisoma akiwa amesimama. "Sasa njo introduction," alisema, na Geneviève alitembea siku nzima akiwa mwepesi. Floribert, waliyesoma naye na ambaye alifanyia kazi mbegu nyingine, aliomba kuunakili utangulizi huo ili ajifunze. Alimpa.

Linamarini yao ilitoka Goma kwa lori. Kwenye kizuizi kimoja watu wenye bunduki walifungua kasha wakitafuta dawa za kuuza, na chupa zikapasuka. Kilichobaki, yeye na Floribert waligawana nusu kwa nusu. Fungu la Geneviève lilitosha kiwango kimoja tu. Alichemsha sampuli dakika baada ya dakika ili kusimamisha enzaimu, akapima glukozi iliyotoka, akaondoa glukozi iliyokuwamo tangu mwanzo kwenye majani. Alipata kasi moja, safi. Lakini kasi ya kiwango kimoja haitoi Km.

"Chora ile ingine tano," Nestor alimwambia kwa sauti ya chini. "Courbe yake, ule mustari wa kupinda, inajulikana. Introduction yako imeshaahidi."

"Chef, sikuipima."

"Jury haiko na linamarine ya kuhakikisha."

Geneviève alirudi nyumbani akafuta sentensi ya mwisho. Akaandika: "Lengo la kazi hii ni kupima kasi ya linamarase kwa kiwango kimoja cha linamarini." Ilisomeka kama mlima uliozaa panya. Kurasa tatu za Km, na mwisho wake hakuna Km.

Mbele ya majaji, mzee mmoja alimuuliza mbona nadharia yake kubwa inaishia kwenye swali dogo hivyo. Alieleza habari ya chupa. Akaambiwa sayansi haisikilizi visingizio vya barabara. Alipewa hamsini na moja kwa mia.

Floribert alionyesha viwango sita, vyote vimekaa vizuri kwenye ule mstari uliopinda. Utangulizi wake ulikuwa wa Geneviève, neno kwa neno, ila jina la mbegu. Alipewa sabini na tisa, na chuo kikamwajiri kama msaidizi.

Leo Geneviève anasoma damu za malaria kwenye kituo cha afya cha Itebero. Mwezi uliopita alifika mwanafunzi wa chuo kile, Kétsia, kutafuta majani ya muhogo. Alikuwa na mfano waliopewa darasani wa namna ya kuandika utangulizi.

"Assistant Floribert anasema hakuna muzuri kuupita huu," alisema kwa heshima. "Dada, unaona aliandika aje? Anashuka pole pole mpaka ku lengo."

Geneviève aliusoma mpaka chini, bila haraka.

"Naona," alisema. "Ukipima, Kétsia, andika chenye umepima."

"Na kama inapunguka?"

Geneviève alimrudishia karatasi, akainama tena kwenye darubini.

"Basi watakupa hamsini na moja."