Nukta Iliyokaa Kwenye Njia Panda ya Waya

Pale karakana yetu ya kuunda masanduku ya umeme wa mashine, yule dada tulimwita Nukta, na jina alijitafutia mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta akiangalia picha za michoro ya umeme ambazo mafundi wamepiga kwa simu huko nje, kisha kuugeuza mchoro wote kuwa jedwali: alama ya kifaa, jina lake, ukubwa wake, pini zake, na kila pini imeshika waya namba ngapi. Mimi, mtunza stoo, natoa vifaa kwa kufuata jedwali hilo. Muungaji anaunga kwa kufuata jedwali hilo hilo, mchoro hata hauangalii. Sasa ukipita kwenye meza ya Nukta ukidhani utasalimiwa, utaulizwa, "Mzee wa stoo, hebu njoo, hapa waya zinapokatizana unaona nukta au huoni?"

Maana waya mbili zikikatizana kwenye karatasi bila nukta, zimepitana tu, kila moja na safari yake. Zikiwa na nukta, zimeungana, ni waya mmoja, na zinabeba namba moja. Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake. Na kila mchoro aliusoma mara mbili, mara ya kwanza kutoka kwenye fyuzi kwenda mbele, mara ya pili kutoka mwisho kurudi nyuma. Mimi lilikuwa linanichosha jambo hilo, na nilimwambia hivyo usoni, kwamba watu wana kazi za kufanya. Yeye alinijibu kwamba mkono wangu wa birika ndio unaochelewesha watu, si macho yake. Tulicheka. Tulikuwa tunapendana kwa staili hiyo.

Asubuhi moja alikuwa na picha ya mchoro wa mashine ya kukandia unga kwenye bekari moja iliyo mtaa wa nyuma. Sanduku la zamani lilikuwa limechakaa, wakataka tuwaundie jipya, na huku nyuma mashine inaendelea kufanya kazi. Fundi wetu alifungua mlango wa sanduku, akaipiga picha karatasi iliyobandikwa kwa ndani, akaituma, akaenda zake kwenye kazi nyingine. Picha yenyewe imepigwa upande, haina rangi, na karatasi imejaa madoa. Nukta aliifanyia kazi kwa moyo kuliko kawaida, kwa sababu aliyekuwa akiendesha mashine hiyo bekarini ni mdogo wake, mtoto wa mwisho wa mama yao, aliyemlea mwenyewe tangu akiwa wa kubebwa mgongoni.

Jedwali la kwanza likaja, nikaanza kutoa vifaa. Kontakta ya kuwashia mota, fyuzi, transfoma ndogo, rilei ya kulinda mota isiungue, taa ya kijani, kitufe cheusi cha kuzima, cha kuwasha, na kile chekundu kikubwa cha dharura. Nilikuwa nimeshavipanga kaunta niliposikia kiti chake kikiburutwa.

Nilikwenda nikijua naenda kuulizwa habari za nukta, na kweli. Lakini hakuuliza kwa utani. Alikuwa ameweka kidole kwenye kioo, kwenye mstari wa kitufe chekundu. Kitufe kina pini mbili, ya kuingilia na ya kutokea. Pini ya kuingilia ameandika waya namba mbili. Pini ya kutokea, aliposoma akirudi nyuma, nayo imekuwa waya namba mbili.

Nikamuuliza kuna nini hapo. Akanieleza polepole, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Waya wa taa ya kijani unaanzia kabla ya kitufe, unashuka, na njiani unakatiza waya unaotoka upande wa pili wa kitufe. Zingepitana tu, hakuna neno. Ila hapo zinapokatizana pana nukta. Kwa hiyo umeme una njia ya pembeni. Kitufe ukikibonyeza kinaufungia umeme mlango mmoja, na mwingine uko wazi muda wote.

"Hicho kitufe ni pambo," alisema. "Na mdogo wangu yuko pale sasa hivi."

Nilimwambia ni uchafu wa nzi. Ndiyo, nilisema hivyo, na nilisema kwa hasira kabisa, kwa sababu karatasi nzima ilikuwa na madoa na mimi nilishika lile tu lililonifaa. Akasema huenda ni nzi, na huenda si nzi, na picha haiwezi kumwambia. Alikuwa ameshapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata, na wote tulijua kwa nini mtu anayekanda unga hashiki simu: mikono yake imo kwenye mashine.

Akampata msimamizi wa bekari. Akamwomba kwa adabu zote awatoe watu karibu na mashine, aiwashe ikiwa tupu, kisha abonyeze kile chekundu. Msimamizi akaanza kulalamika kwamba unga unasubiri, na kwamba kitufe hicho kinabonyezwa kila siku na hakijawahi kuleta shida. Nukta akamwambia, nakuomba kaka yangu, bonyeza tu. Akaweka simu mezani, sauti juu, na karakana nzima ikasogea.

Tuliisikia mashine ikiwaka, ule mvumo wake mzito. Tukasikia msimamizi akisema, "Nabonyeza." Mvumo ukaendelea. Akasema tena, safari hii sauti imebadilika, kwamba amebonyeza, kitufe kimeingia ndani kabisa. Mvumo ukaendelea.

Nukta akamwambia azime swichi kuu ya ukutani na asiruhusu mtu kuigusa mashine mpaka fundi afike. Mvumo ukafa. Halafu akaja mdogo wake kwenye simu, na hakuwa na kelele, alikuwa anaongea kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Dada, mimi huwa nazima kwa kile cheusi kwanza. Ikishasimama ndiyo nabonyeza chekundu, naingiza mkono kubandua unga kwenye ule mkono wa chuma unaokanda. Mkono mzima, dada. Mpaka begani. Mwenzangu akiwa ameegemea pale pale penye kitufe cha kuwasha."

Kumbe ndiyo maana hakuna aliyegundua. Walikuwa wanakibonyeza kila siku, lakini juu ya mashine iliyokwisha kusimama.

Fundi alipofika huko alitupigia. Ile nukta haikuwa ya nzi. Ilikuwa wino wa kalamu, na ndani ya sanduku kulikuwa na kipande cha waya kimeunganisha pale pale. Mtu fulani, siku fulani, kitufe kilimsumbua akakiruka, na akaweka alama ili atakayefuata ajue. Aliyefuata ni nani, Mungu ndiye anayejua.

Nukta alilisahihisha jedwali: pini ya kuingilia namba mbili, ya kutokea namba tatu. Kisha akaja kaunta, akachukua kile kitufe chekundu kipya na mita yangu ya kupimia umeme, ile inayolia njia ikiwa wazi, akagusisha ncha mbili kwenye pini. Mita ikalia mfululizo, kama inavyotakiwa. Akabonyeza. Mita ikanyamaza. Akakiachia, akabonyeza tena, ikanyamaza, na akaendelea kukishikilia hivyo hivyo kimebonyezwa, na katika ule ukimya ndipo alipoanza kulia. Nilimwachia mita yangu. Sikumwuliza atairudisha lini.