Kadi Ambayo Bwana Tuulizane Hakuiandika

Madalali wa soko la vitu vilivyotumika walimwita Bwana Tuulizane, na hata mkewe alishazoea. Kabla ya kupokea kazi yoyote, alimkazia macho mwenye mali na kumuuliza, "Nikutafutie mteja, au nikuuzie?" Wenzake walicheka, yeye wala. Ukitaka kutafutiwa mteja, dalali anakuletea mtu na kukaa pembeni. Kukubali au kukataa ni juu yako. Ukitaka kuuziwa, dalali akishasema "chukua" kwa bei mliyopatana, mali imekwenda. Jibu aliliandika kwenye kadi, mwenye mali akatia sahihi, na kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumkunja shati.

Kadi moja tu hakuiandika. Dada yake mkubwa, fundi wa nguo aliyestaafu na kuishi peke yake nyuma ya shule, alimwita kwa ajili ya cherehani yake ya kukanyaga. "Niletee wateja," alimwambia, "ila usifunge biashara bila kuniuliza." Kadi ilikuwa mfukoni. Lakini unamtakaje sahihi mtu aliyekufundisha kufunga vifungo vya shati? Akaona haya, akaiacha humo humo.

Wateja akawaleta. Wa kwanza alikataliwa kwa sababu ya kucha ndefu. Wa pili alikanyaga kama anaua mende. Wa tano hakuwa na kasoro yoyote, ila dada alisema ana kicheko cha puani. Kila mara chai ilikuwa imeshaandaliwa, mazungumzo yakavutwa mpaka jioni, na Bwana Tuulizane akarudi mikono mitupu, hoi bin taabani.

Wa tisa alikuwa mwanamke kijana, mshonaji wa sare za shule. Alikanyaga taratibu, akasikiliza, akaomba mafuta na kitambaa. Dada akatafuta kosa, asilione, na hilo likamkosesha raha. Bwana Tuulizane alitangulia nje, akawaacha wakiagana mlangoni.

Siku tatu baadaye mshonaji alimfuata sokoni, kwenye benchi lake, akakubali bei nzima bila kuomba punguzo. Dalali gani amewahi kuona hivyo? Ulimi ukamponyoka. "Chukua," akasema, wakapeana mkono, akapokea fedha na kumwandikia stakabadhi. Mshonaji alipokwenda kutafuta gari ndipo alipokumbuka katazo la dada. Yeye, wa kuulizana, hakuwa ameuliza.

Alifika kwa dada akihema. "Dada, nimeiuza."

"Umeiuza kwa ruhusa ya nani? Nilikukataza. Basi haijauzwa."

Gari likasimama nje, mshonaji akaingia na stakabadhi mkononi. Bwana Tuulizane akajikaza kiume. "Mwanangu, nisamehe. Sikuwa na ruhusa ya kumaliza."

Mshonaji akamgeukia mwenye cherehani. "Mama, siku ile mlangoni si uliniambia mwenyewe? Ulisema, malizana na mdogo wangu, akikubali yeye nimekubali mimi."

Dada akanyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka tayari. "Nilisema," akakiri. "Nilikosa neno la kukukatalia."

Bwana Tuulizane akaketi. Hapo alikuwa kwenye uwanja wake, na uwanja wake haukumpendelea. "Dada, ingekuwa ni mimi tu niliyejidai nina ruhusa, angerudishiwa fedha zake, na kesi ingebaki kati yangu na yeye. Lakini umemwambia kwa mdomo wako. Lile katazo ulinipa mimi faraghani, angelijuaje? Kwake yeye, umeuza."

"Na kwako?"

"Kwangu umekosewa. Ulinikataza, nikakiuka. Hasara yako nidai mimi."

Cherehani ikatolewa. Kwenye zulia yakabaki mashimo manne, na dada akayatazama mpaka gari lilipokata kona. Bwana Tuulizane akajiandaa kutajiwa fidia.

"Mwaka jana mzima ulikuja hapa mara mbili," dada alisema. "Tangu nitangaze kuuza, umekuja na wateja mara tisa. Sikuwa na haja na wateja. Walikuwa wanakuleta wewe."

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Miaka yote hiyo alikuwa akiwauliza wageni wanachotaka, lakini yeye hakuwahi kumuuliza dada yake mwenyewe. Akatoa kadi mfukoni, akaandika "Kila Jumamosi", akatia sahihi yake mwenyewe na kumpa.

Dada akaisoma mara mbili, akaiweka chini ya kitambaa cha meza.

"Na usiniletee mteja," alisema.