Kurasa za Papa Kabla ya Kumaliza Matanga

Nilirudi Kisangani kwa ajili ya kumaliza matanga ya papa, baba yetu. Nilikuwa nimezoea kukaa mbali. Kila mji naupenda zaidi nikishauacha. Nyumbani nilikuta ugomvi. Tantine, dada yake papa, alikuwa amesema mbele ya watu kwamba mdogo wangu wa kike hatakaa kwenye mkeka wa watoto wa marehemu.

“Papa yenu alikuwa njia ya Bafwasende tangu mvua mpaka Pasaka,” alisema. “Septemba mutoto anazaliwa. Alors, mulimutoa wapi? Alikuja na lori?”

Mama alikuwa ameshafariki zamani, hakukuwa na wa kumuuliza. Zilikuwepo kurasa. Papa alikuwa dereva wa lori, na kila lori lilipokwama kwenye matope aliandika kwenye karatasi alizochana kwenye daftari za shule. Hakuandika tarehe hata mara moja. Aliandika mvua, barabara, chakula, nani anaumwa.

Tantine mwenyewe ndiye aliyezipanga baada ya mazishi: wino mweusi chini, wa buluu juu. Kwenye zile nyeusi papa yuko njiani. Kwenye zile za buluu yuko nyumbani. Kwa hiyo, alisema, buluu ni baada ya kurudi. Mimi pia niliona hivyo. Mtu huondoka, halafu hurudi.

Mdogo wangu hakubishana. Alizitia kurasa kwenye mfuko wa plastiki, tukapanda pikipiki mbili hadi parokiani, kwa mama mmoja anayetunza kumbukumbu za zamani. Mama yule aliyafungua mafungu yote mawili na kuzichanganya kurasa. Mdogo wangu alishtuka.

“Mama, tulikuwa tumezipanga!”

“Ndiyo maana.” Aliandika namba ndogo kwa penseli nyuma ya kila karatasi, ili ijulikane zilivyokuja. Kisha akaanza kusoma polepole, akizitandaza mezani. “Wino hauna tarehe, mwanangu. Unakuambia tu kurasa zipi zilitoka kalamu moja. Mtu anaweza kurudia kalamu ya zamani.”

Kwanza alitafuta kitu ambacho hakitegemei papa. Ukurasa mmoja mweusi ulisema: *Nimepakwa majivu asubuhi. Waislamu wa hapa nao wameanza kufunga wiki hii.* Alifungua kalenda za zamani za parokia. Ramadhani husogea nyuma kila mwaka, akatueleza, kwa hiyo haikutani na Jumatano ya Majivu mara kwa mara. Kwa miaka ile ilikuwa mara moja tu, nayo ilikuwa Februari ya mwaka aliozaliwa mdogo wangu. Tantine hakukosea: wakati ule papa alikuwa Bafwasende.

Mdogo wangu alikunja mikono.

Mama yule akachukua ukurasa wa buluu. *Nimelala kwangu. Mto umejaa, mawe ya wavuvi hayaonekani.*

“Wewe ni wa hapa,” aliniambia. “Mawe pale kwenye maporomoko yanafunikwa lini?”

“Novemba. Desemba.”

“Na Pasaka?”

Nilifikiri. Wakati wa Pasaka mawe huwa bado yako nje, na watu husimama juu yake.

“Inaweza kuwa Desemba ya baada yake,” nilisema.

“Inaweza. Ndiyo maana mto peke yake hautoshi.” Alitafuta tena, akatoa karatasi iliyokuwa kwenye fungu jeusi. Mistari miwili ya juu ilikuwa ya buluu, inafifia neno kwa neno: *Kesho tunapakia, mke wangu ananifulia nguo, mto haujashuka na...* Katikati ya sentensi kalamu ilikwisha. Sentensi ileile iliendelea kwa weusi, na weusi ule ulishika njia, daraja baada ya daraja, bila kurudi mjini, mpaka kwenye ule ukurasa wa majivu.

Alizipanga upya. Buluu ikaenda chini, nyeusi juu. Desemba, miezi tisa kabla ya Septemba ile, papa alikuwa nyumbani, ndipo akaondoka.

“Donc mimi ni wake,” mdogo wangu alisema.

“Karatasi zinasema alilala nyumbani. Zaidi ya hapo hazisemi.”

“Inanitosha, mama.”

Jioni nilimsomea tantine kurasa zile kwa mpangilio mpya. Hasomi kalenda, lakini mto anaujua. Nilipofika kwenye mawe alinisimamisha, nikarudia. Aliendelea kumenya muhogo wake.

“Alipita nyumbani,” alisema mwishowe. “Hakuniambia. Njo tabia yake, ni vile alikuwa.”

Siku ya kumaliza matanga mdogo wangu alisimama pembeni ya mkeka, amenyoa nywele kama sisi, akingoja. Tantine alikuwa ameegemea ukuta.

“Unasimama kama mugeni sababu gani? Ikala hapa kwenye mkeka. Unanizibia upepo.”